Kuichungulia Injini kwa Simu Kabla ya Kuifungua

Tuchukue Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, gari ambalo katika miji yetu mingi halihitaji kuelezewa. Linakula maji. Kila baada ya siku chache kopo la akiba linashuka, lakini chini ya gari hakuna tone, mipira ya rejeta ni mikavu, na oili kwenye kijiti cha kupimia haijageuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi anasikiliza, anafikiri, kisha anasema neno ambalo mwenye gari hakutaka kulisikia: tufungue silinda hedi.

Huenda fundi yuko sahihi. Lakini kufungua silinda hedi kunataka gasketi mpya, oili mpya, kulanti mpya, pengine hata kupeleka hedi kwa mkwanguaji, na siku kadhaa za kukaa bila gari. Gharama hiyo ni kubwa mno kulipwa kwa kukisia. Kabla ya kufikia hapo kuna hatua moja inayomalizika kwa saa moja au mbili: kutoa plagi, kupitisha kamera ndogo ya waya katika tundu la plagi, na kutazama ndani ya silinda moja kwa moja kwenye kioo cha simu.

Kamera hizi sasa zinauzwa kwa bei ambayo gereji ndogo inaimudu. Kinachowakatisha watu tamaa ni kwamba wengi huzinunua, huchomeka kwenye simu, wakaona giza, wakaziweka kabatini. Na wengine hupata picha lakini wakaisoma vibaya. Makosa haya mawili yanaepukika kwa kujua nini hutokea kati ya lenzi na kioo cha simu.

Simu kama mwenyeji

Kwa kawaida waya wa USB unapoingia kwenye simu, simu ni mgeni. Inapokea umeme kutoka kwenye chaja, au inapokea maagizo kutoka kwenye kompyuta. Kamera ya waya inageuza mambo: simu inatakiwa iwe mwenyeji, yaani itoe umeme wa kuiendesha kamera na iwe ndiyo inayouliza maswali. Uwezo huo huitwa OTG. Upande wa programu, Android iliuwekea mlango rasmi tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011, lakini si kila kiwanda kinauweka katika kila simu, hasa simu za bei ya chini.

Njia ya uhakika ya kupima ni kuchomeka flashi kwenye simu kupitia adapta ya OTG. Ukiona mafaili ya flashi, simu yako inaweza kuwa mwenyeji. Usipoyaona, usikimbilie kuilaumu simu. Simu nyingi za Oppo, Realme, OnePlus na Vivo zina swichi ya OTG ndani ya mipangilio, na katika nyingi swichi hiyo hujizima yenyewe simu ikikaa dakika chache bila kifaa. Tafuta neno OTG kwenye mipangilio, iwashe, kisha jaribu tena.

Halafu kuna adapta yenyewe. Simu hujua kwamba imechomekewa mgeni kwa alama ya umeme iliyo ndani ya kichwa cha waya. Katika kichwa cha zamani cha maikro USB, pini moja huunganishwa na hasi. Katika kichwa cha taipu C, kuna rezista ndogo inayofanya kazi hiyo. Adapta ya kuchajia tu haina alama hiyo, kwa hiyo simu haiwezi kuamka kama mwenyeji hata kamera ikiwa nzima. Kamera nyingi huja na kichwa chenye sehemu tatu zinazovaana: USB kubwa, maikro na taipu C. Vichwa vya aina hii vikitengenezwa kwa kubana gharama, wakati mwingine hukubali upande mmoja tu. Ukichomeka pakawa kimya, chomoa, geuza juu chini, chomeka tena kabla ya kuhukumu.

Taa ikiwaka, bado

Karibu na lenzi kuna taa ndogo, na kwenye waya kuna kigurudumu cha kuongeza au kupunguza mwanga. Watu wengi wakiona taa imewaka huamini kamera imeunganishwa. Taa inathibitisha jambo moja tu: umeme umefika. Picha hupita kwenye nyaya nyingine mbili za data, na hizo zinaweza kuwa zimekatika wakati taa inawaka vizuri kabisa.

Nyaya za data zikiwa nzima, kamera hujitambulisha. Kamera nyingi za waya hufuata utaratibu wa pamoja unaoitwa UVC, uliotolewa mwaka 2003 kwa ajili ya kamera za kompyuta. Kwa utaratibu huo, kamera humwambia mwenyeji kwamba mimi ni kifaa cha video, na hizi ndizo saizi za picha ninazoweza kutoa. Kwa sababu utaratibu ni wa wote, hulazimiki kutumia programu iliyoandikwa kwenye boksi. Unaponunua, tafuta herufi UVC kwenye maelezo. Zikiwepo, una uhuru wa kuchagua programu.

Programu ya kawaida ya kupigia picha kwenye simu mara nyingi haiioni kamera ya nje. Nenda Play Store, tafuta maneno USB Camera au UVC, chagua programu yenye watumiaji wengi. Baadhi ya maboksi yana msimbo wa kuskani unaokupeleka kupakua programu nje ya Play Store. Ni salama zaidi kuuacha. Na programu ya kutazamia kamera haina sababu ya kuomba majina ya watu kwenye simu yako wala ujumbe wako mfupi. Ikiomba, ifute.

Ruhusa inazohitaji kweli ni mbili, na mpangilio wake una maana. Kwanza programu ipewe ruhusa ya kamera, kwa sababu kuanzia Android 9 mfumo ulianza kuifungia programu mpya isiguse kifaa cha video cha USB kama haina ruhusa hiyo. Pili, ukichomeka waya, simu huuliza kama programu iruhusiwe kutumia kifaa chenye jina kama `USB2.0 PC CAMERA`. Kubali. Mtu akikataa la kwanza au la pili kwa haraka, kioo hubaki cheusi, naye atadhani kamera ni mbovu. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya programu, kurudisha ruhusa ya kamera, kuifunga programu kabisa, kisha kuchomeka upya.

Sasa unaweza kuitafuta hitilafu kwa utaratibu. Taa haiwaki: shida ni umeme, yaani OTG, adapta au kichwa. Taa inawaka lakini simu haiulizi chochote: shida ni data, au kamera si ya UVC. Simu inauliza na unakubali lakini kioo ni cheusi: shida ni ruhusa, au saizi ya picha iliyochaguliwa. Picha inakuja kisha inakatika ukiongeza mwanga: umeme hautoshi. Hilo la mwisho hutokea sana kwa waya mrefu. USB 2.0 ilipangwa kwa waya wa takriban mita 5. Kamera yenye waya wa mita 10 hupoteza umeme njiani, na taa ikiwa kali simu inazidiwa. Punguza mwanga, au tumia waya mfupi. Kwa injini ya gari mita 1 au 2 zinatosha kabisa.

Kuhusu saizi ya picha, chagua 640 kwa 480 kwanza. Picha ikishatulia, panda. Kama programu inakuuliza aina ya picha, chagua MJPEG, ambayo hubanwa ndani ya kamera kabla ya kupita kwenye waya. Picha isiyobanwa ya 1280 kwa 720, kwa kasi ya picha 30 kwa sekunde, ina data karibu megabaiti 55 kila sekunde, mzigo ambao USB 2.0 haiwezi kuubeba. Na usishangae kamera iliyoandikwa 1080 ikitoa picha isiyo na undani wa ziada. Nyingi hutanua picha ndogo ili ionekane kubwa.

Wenye iPhone na wapenda waifai

iPhone haipokei kamera ya kawaida ya UVC kwa waya, hata zile za kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023 ambazo zina tundu la taipu C. iPad yenye taipu C inaweza, kuanzia iPadOS 17. Kwa hiyo mwenye iPhone anunue kamera iliyotamkwa wazi kuwa ni ya iPhone pamoja na programu yake, au achukue ya waifai.

Kamera ya waifai ina kiboksi chenye betri kinachotoa mtandao wake mdogo. Simu inajiunga na mtandao huo, kisha programu inafunguliwa. Kikwazo cha kawaida ni kwamba mtandao huo hauna intaneti. Simu inaona hakuna intaneti, inarudi kimyakimya kwenye data ya laini, na picha inapotea. Zima data ya laini kwa muda, na simu ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, ikubalie. Kwenye iPhone, programu pia huomba ruhusa ya mtandao wa karibu, na ukiikataa haitaiona kamera. Jua pia kwamba picha ya waifai huchelewa kidogo. Unaposogeza lenzi karibu na chuma chenye makali, kuchelewa huko kunasumbua. Kwa kazi ya ndani ya injini, kama simu yako inakubali, waya ni bora.

Kuingia kwenye silinda

Turudi kwenye IST. Injini iwe imepoa kabisa, kwa kuwa kamera hizi hazikutengenezwa kuvumilia joto la injini iliyotoka kufanya kazi. Ufunguo utolewe kwenye swichi na ukae mfukoni mwa anayeshika kamera. Stata ikipigwa wakati waya uko ndani, pistoni itaponda kamera, na vipande vyake vitabaki kwenye silinda.

Ondoa kifuniko cha juu, chomoa soketi za koili, fungua bolti zake, vuta koili nne. Kabla ya kugusa plagi, puliza upepo kwenye mashimo yake. Mchanga uliokaa shimoni ukipata njia utaingia kwenye silinda, na utakuwa umeleta ugonjwa ambao haukuwepo. Kisha fungua plagi na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake, 1 hadi 4 kuanzia upande wa mkanda.

Tundu la plagi lina upana wa milimita 14. Kamera ya milimita 5.5 inapita kwa nafasi, na ya milimita 8 pia inapita. Vifaa vidogo vinavyokuja na kamera, yaani ndoano, sumaku na kioo cha pembeni, vivue vyote. Huvalishwa kwenye kichwa kwa kubana tu, na kikidondoka ndani ya silinda huenda hedi ikafunguliwa kwa sababu yake peke yake. Mtu anayetaka kuona kuta za silinda vizuri anunue kamera yenye lenzi mbili, ya mbele na ya ubavuni, zilizojengwa humo humo.

Funga kipande cha utepe kwenye waya, mahali panapolingana na urefu wa shimo la plagi. Utepe ukifika mdomoni, unajua lenzi inaingia kwenye silinda. Kuanzia hapo teremsha polepole, ukitazama simu na si mkono.

Lenzi hizi hazina uwezo wa kujirekebisha. Nyingi huona vizuri kitu kilicho umbali wa takriban sentimita 3 hadi 8. Hapa ndipo vipimo vya injini vinakuwa na faida. Pistoni ya 1NZ-FE husafiri milimita 84.7 kutoka juu hadi chini. Ikiwa juu kabisa, lenzi itaigusa na picha itakuwa ukungu. Ikiwa chini, uso wake uko katika umbali ambao lenzi inaupenda. Katika injini hii pistoni ya 1 na ya 4 huenda pamoja, na ya 2 na ya 3 huenda pamoja. Kwa hiyo tazama mbili zilizo chini, toa kamera, zungusha krenki nusu mzunguko kwa spana kwenye bolti ya puli, kwa mwelekeo wa mshale wa saa, kisha tazama mbili zilizobaki. Kamera itolewe kila mara kabla ya kuzungusha.

Picha ikiwa nyeupe inayong'aa, usiongeze mwanga, punguza. Chuma chenye oili hurudisha mwanga kwenye lenzi, na mikwaruzo huonekana zaidi taa ikiwa hafifu. Lenzi ikipakwa oili, picha inakuwa na utando. Itoe, ifute kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo, irudishe. Kinga ya IP67 inayoandikwa kwenye boksi ilipimwa kwa maji, si kwa petroli wala oili, na inahusu kichwa na waya wake, si kichwa cha kuchomeka kwenye simu.

Kusoma picha

Picha ya silinda moja haikuambii mengi. Ukitazama pistoni moja yenye masizi meusi, utashtuka, ilhali masizi kiasi ni hali ya kawaida ya injini iliyotembea. Tazama zote nne kwa mwanga uleule na kwa umbali uleule, na upige picha kila moja ukiipa namba yake. Kinachotafutwa ni ile inayotofautiana na wenzake.

Tuseme silinda ya 1, ya 2 na ya 4 zina pistoni zenye masizi makavu, meusi yanayokaribia kahawia. Ya 3 ina uso wa chuma kitupu, safi, na masizi yamebaki ukingoni upande mmoja. Mtu asiyejua atafurahi kwamba hiyo ndiyo nzima. Kumbe ndiyo mgonjwa. Maji yanayopenya kwenye silinda hugeuka mvuke kila mara mchanganyiko unapowaka, na mvuke huo huosha masizi. Usafi wa pistoni moja kati ya nne, kwenye gari linalokula maji, ni ushahidi mzito kwamba kulanti inaingia hapo.

Gari lingekuwa linakula oili na si maji, ungetafuta vitu vingine. Pistoni ingekuwa na masizi mazito yenye unyevunyevu. Kwenye kuta ungetazama kama mistari iliyopishana kwa mshazari, ile iliyochorwa kiwandani ili kushika oili, bado ipo. Mistari ya wima mirefu inayokatiza mishazari hiyo ni mikwaruzo. Lakini kamera haiwezi kukuonyesha ringi, maana zimejificha ubavuni mwa pistoni, wala haipimi nguvu ya mgandamizo. Kwa hilo bado unahitaji geji ya kompresheni.

Kuliona tone likitoka

Pistoni safi ni dalili. Hukumu inapatikana kwa kutumia kile ambacho picha mubashara inacho na picha iliyokwisha kupigwa haina: mwendo. Chukua pampu ya kupimia rejeta, ifunge mahali pa kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, na pampu hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, bila kuipita. Shusha kamera kwenye silinda ya 3, pistoni ikiwa chini, na uiache imetulia. Washa kurekodi. Kisha subiri, wakati mwingine nusu saa, ukitazama kioo cha simu na mshale wa pampu kwa pamoja.

Mshale ukishuka na tone likajitokeza ukingoni mwa silinda au likateremka ukutani, jibu limepatikana: gasketi imepasuka hapo, au hedi ina ufa, na kufungua si kukisia tena. Mshale ukishuka na silinda zote nne zikabaki kavu, maji yanatokea kwingine, na kabla ya hedi watazamwe pampu ya maji na hita ya ndani. Mshale usiposhuka kabisa, usitangaze kwamba injini ni nzima. Nyufa nyingine hufunguka chuma kikiwa cha moto tu, na hapo fundi atapima kama gesi ya ekzosi inaingia kwenye maji ya rejeta.

Ukimaliza, toa kamera kwanza. Kama kuna maji ndani ya silinda, usirudishe plagi na kupiga stata, kwa maana maji hayabanwi na yanaweza kupinda mkono wa pistoni. Acha plagi nje, chomoa fyuzi ya mafuta, simama mbali na mashimo, piga stata sekunde chache ili maji yaruke nje.

Mwenye gari asiyeshika spana ana haki ya kuomba kitu kimoja kabla ya kukubali kazi ya silinda hedi: picha nne, moja kwa kila silinda, zikiwa na namba, na video ya jaribio la presha. Fundi anayeijua kazi yake hataona ombi hilo kuwa ni kumshuku. Atakaa na wewe, atakuonyesha pistoni ya 3 karibu na ya 2, na mtakubaliana gharama mkiwa nyote mnaona kitu kilekile.